Nilipoambiwa Ninamlea Mwanangu Kizungu



Ndugu msomaji, mimi ni mwanafunzi kama wewe, ila nimechelewa. Nasoma shahada ya uzamili hapa Bujumbura, na nyumbani Buyenzi nina watoto wawili, mvulana wa miaka kumi na mmoja na msichana wa miaka saba. Baba yao ni mfanyabiashara wa safari, hivyo siku nyingi za wiki nalea peke yangu. Nayaeleza haya kwa sababu jambo ninalotaka tulifikirie limenitokea nyumbani, halikutoka kitabuni.

Miezi michache iliyopita tulikuwa kwenye akika ya mtoto wa jirani. Wanawake tulikaa ukumbini, na sahani za pilau zilikuwa zimeanza kupita. Adhana ya Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Mwanangu alipita mlangoni na mpira mkononi, nikamwuliza kama ameswali. Akajibu, "Bado, Mama." Nikamwambia aende akaswali, akaenda.

Rafiki yangu aliyekaa pembeni yangu, niliyesoma naye madrasa tangu utotoni, akacheka kisha akasema kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima: "Mtoto wa miaka kumi na mmoja bado anaulizwa 'umeswali?' kama anayeulizwa 'umekula?' Dada yangu, wewe umesoma sana. Huyu unamlea kizungu. Sisi tulichapwa tukashika swala. Usipomchapa leo, kesho atakutoka." Wengine wakacheka, na mzee mmoja wa kike akatikisa kichwa kukubali. Mwanangu alikuwa bado yuko kibarazani. Alisikia kila neno.

Sikujibu. Usiku mwanangu akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike: "Mama, kwa nini hukumjibu? Kwa sababu anasema kweli?"

Swali langu katika makala haya ni hilo hilo. Rafiki akikukosoa namna unavyolea watoto, nawe hukumwomba ushauri, unamjibu nini? Na kabla ya kumjibu, ana haki gani ya kusema, na haki hiyo inaishia wapi?

Kwa nini nilinyamaza kwanza

Sikunyamaza kwa sababu ya subira tu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na maneno niliyokuwa nayo mdomoni yalihusu watoto wake, si mtoto wangu. Nilitaka kumkumbusha ya binti yake mkubwa. Jibu la namna hiyo ni rahisi, na linaumiza kweli, lakini halijibu kitu. Kama watoto wake wana kasoro, wangu hawatengenei kwa hilo.

Basi nilijipa siku mbili. Katika siku hizo niliyachukua maneno yake nikayagawa. Nikaona kwamba ndani ya sentensi zile chache mlikuwa na mambo matatu tofauti. La kwanza ni lengo: mtoto wa umri ule anapaswa kuwa ameshika swala. La pili ni njia: ashikishwe kwa fimbo. La tatu ni sifa aliyonipa mimi: kwamba kusoma kumenifanya nilee kizungu.

Katika lengo hatuna ugomvi. Ni amri ya dini, na Muislamu yeyote ana haki ya kunikumbusha. Hadithi ya Tamim Addari inaifanya nasaha kuwa ndiyo dini yenyewe. Sina haki ya kumwambia rafiki yangu kwamba swala ya mwanangu haimhusu.

Njia ni jambo jingine. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na mwanamke akatajwa humo kuwa ni mchunga wa nyumba ya mumewe na watoto wake. Mchunga ndiye anayewajua wanyama wake, yupi anakimbia akipigiwa kelele, yupi anafuata akiitwa. Jirani anaweza kuniambia, "Mbuzi wako ameingia shambani." Hiyo ni haki yake, na mimi ni wajibu wangu kusikia. Namna ya kumtoa ni kazi yangu, isipokuwa kama namtoa kwa kumvunja mguu, na hapo jirani ana haki ya kunizuia. Kwa hiyo rafiki anayeona mtoto anadhuriwa hapaswi kukaa kimya kwa kusema mambo ya nyumba za watu hayamhusu. Lakini pale ambapo hakuna madhara, na zipo njia mbili zinazokubalika, anayechagua ni yule atakayeulizwa.

Hilo la tatu, la uzungu, niliamua kuliacha kabisa. Halikuwa hoja, na ningelijibu tungezungumza habari zangu badala ya habari za mtoto.

Nilichomweleza juu ya fimbo

Siku ya tatu nilikwenda kwake baada ya Alasiri, peke yangu, na watoto nikawaacha nyumbani. Nilimwambia kwanza kwamba nimelifikiria lengo lake na ninamshukuru kwa kulijali. Kisha nikamwambia, "Dada yangu, ile hadithi unayoitegemea naijua, na siikatai. Ngoja nikueleze ninavyoielewa."

Hadithi yenyewe imepokewa na Amr bin Shuaib kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake, nayo imo katika Sunani Abu Daud. Inawataka wazazi wawaamrishe watoto swala wakiwa na miaka saba, wawapige kwa kuiacha wakifika kumi, na wawatenganishe katika malazi. Watu wengi tunaikumbuka kuanzia katikati. Tunakumbuka kumi na fimbo, tunasahau saba na amri.

Nilimwonyesha hesabu. Mwaka wa Hijria una takribani siku 354. Kutoka miaka saba hadi kumi ni miaka mitatu, yaani siku 1,062. Kila siku ina swala tano. Mtoto anayefika miaka kumi kwa mujibu wa hadithi hiyo amekwisha kuamrishwa swala mara 5,310. Ndipo fimbo inapotajwa. Sasa mzazi ambaye hakuamrisha hata mara elfu moja, kisha siku ya kuzaliwa ya kumi akaokota kiboko, huyo haifuati hadithi. Ameikata akachukua kipande.

Pili, fimbo yenyewe wanazuoni hawakuiacha huru. Wamesema iwe ya kutia adabu, isiwe ya kuumiza wala kuacha alama, isiguse uso, na isitoke katika hasira. Isitoshe, wapo waliouliza swali gumu zaidi: ikiwa mtoto hatengenei kwa pigo jepesi, je, azidishiwe? Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii aliyefariki mwaka 660 Hijria, alijibu kwamba haifai. Akaongeza jambo ambalo wengi hawalitarajii: hata lile pigo jepesi nalo linaanguka. Sababu yake ni kwamba kumpiga mtu asili yake ni madhara. Kumeruhusiwa tu kwa kuwa ni njia ya kufikia faida ya adabu. Faida isipopatikana, njia nayo haina tena ruhusa.

Huyo si mzungu. Ni mwanachuoni aliyeishi Damasko na Kairo zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Na nikamkumbusha pia kwamba Bi Aisha (R.A.) amesimulia, katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake, ila katika jihadi. Anas bin Malik aliletwa kumtumikia akiwa mtoto, akakaa naye karibu miaka kumi, na alisimulia kwamba hakuwahi hata kuguniwa. Basi mwenye kuiacha fimbo hajaiacha Sunna. Kuna ruhusa yenye masharti, na kuna mwenendo wa mwenye kuitoa ruhusa hiyo.

Rafiki yangu alinisikiliza, kisha akasema kitu cha haki: "Lakini sisi tulichapwa, na leo tunaswali."

Nikamjibu kwa kisa ambacho sikuwa nimemwambia mtu. Nilipokuwa na miaka kumi, mtu mzima aliyekuwa akinilea alikuwa akinichapa nikichelewa swala. Nikajifunza haraka. Nilikuwa nakwenda bombani, nalowesha mikono hadi kwenye viwiko, napaka maji usoni na miguuni, kisha narudi nikiwa natiririka maji ili aone. Sikuwa nimetia nia wala kufuata mpangilio. Nilikuwa nasimama kwenye mkeka, nainama na kuinuka, midomo ikitikisika bila kusoma kitu. Nilifanya hivyo zaidi ya mwaka. Yeye alikuwa akiwaambia wageni kwamba fimbo imenitengeneza. Fimbo ilikuwa imenifundisha kumwogopa yeye, na kumdanganya. Swala niliishika baadaye sana, kwa bibi yangu aliyekuwa akinipa nafasi kwenye mswala wake bila kusema neno.

Ibn Khaldun aliliandika jambo hili katika Mukadima yake: ukali kwa wanafunzi, hasa wadogo, huwafundisha uongo na kuonyesha nje kisichokuwamo ndani, kwa kuogopa mkono usiwafikie. Sikuhitaji kumsoma ili niamini. Nilipomsoma nilijiona.

Sikumwambia rafiki yangu kwamba kila aliyechapwa ameharibika. Si kweli, na yeye mwenyewe ni shahidi. Nilimwambia tu kwamba neno "tulichapwa na tunaswali" haliwezi kutuambia kama tunaswali kwa sababu ya fimbo au pamoja na fimbo. Ninachokijua ni kilichotokea kwangu, na mtoto huyu anafanana na mimi.

Alipokuwa na haki

Hapa ningeweza kumaliza makala nikiwa mshindi. Lakini nilikuwa na deni.

Katika zile siku mbili za kungoja nilichukua daftari nikajihesabu. Kwa wiki moja kuna swala 35. Niliandika zile ambazo mimi na mwanangu tulikuwa mahali pamoja wakati ukiingia, kwa kuwa nyingine yuko shuleni nami niko chuoni. Zilikuwa kumi na tisa. Kati ya hizo nilimkumbusha kumi na moja. Na tulizoswali pamoja, mimi na yeye na dada yake, zilikuwa nne tu. Alfajiri hatukuswali pamoja hata moja kwa wakati wake.

Mimi ninayejigamba kwa amri 5,310 nilikuwa natimiza zaidi kidogo tu ya nusu ya zilizonipitia mkononi. Nilikuwa nimeacha fimbo, jambo rahisi, nikaacha pia kazi inayokaa mahali pa fimbo. Hilo sasa si malezi ya upole. Huo ni uvivu uliovaa jina zuri, na mtu wa nje, hata akikosea dawa, anaweza kuwa ameuona ugonjwa.

Hata kejeli yake ya "umeswali?" ilikuwa na ukweli ndani yake. Nilipolifikiria swali lile niliona kuwa ni mtego. Mtoto anayetaka kwenda kucheza ana majibu mawili: akisema "bado" anapoteza mpira, akisema "ndiyo" anaupata. Mimi mwenyewe namfungulia mlango wa uongo kisha nasikitika akiingia. Siku ile alinijibu ukweli, na nilipaswa kumshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu nilikuwa nimemrahisishia uongo.

Yote haya nilimwambia rafiki yangu. Nilimwambia, "Fimbo sitaichukua, na nimekupa sababu zangu. Lakini uliponiambia kwamba nimelegea, umesema kweli, na nimeanza kurekebisha."

Nilichorekebisha ni mambo matatu. Kwanza, sikuulizi tena "umeswali?" Wakati ukiingia naacha ninachofanya na kusema, "Twendeni tukaswali." Chakula kikiwa jikoni nashusha sufuria. Pili, swala iliyopita inalipwa pale pale inapokumbukwa, kabla ya mpira na kabla ya runinga, bila hotuba na bila kelele. Akipoteza muda wake wa kucheza, ameupoteza kwa swala yenyewe, si kwa hasira yangu. Tatu ni Alfajiri. Kwetu inaingia kabla ya saa kumi na moja, na jua hutoka karibu na saa kumi na mbili, mwaka mzima haibadiliki sana. Mwanangu alikuwa akilala saa tano usiku kwa sababu mimi nilikuwa nasoma sebuleni na taa iko wazi. Mtoto aliyelala saa tano kumwamsha saa kumi na moja ni kumtesa, na kumpiga kwa kutoamka ni dhulma, kwa kuwa aliyemnyima usingizi ni mimi. Sasa saa tatu taa zinazimwa. Nasoma chumbani, na wakati mwingine nasoma baada ya Alfajiri badala ya usiku.

Je, inafanya kazi? Sitaki kukudanganya. Kuna siku Alfajiri inatupita bado. Alama ninayoitazama ni moja: anafanya nini nisipokuwapo. Likizo iliyopita alikwenda kwa shangazi yake Gitega, na shangazi alinipigia simu kuniambia kwamba siku ya kwanza kijana aliuliza kibla kiko upande gani. Siku nyingine alisahau, akakumbushwa. Huo si ushahidi wa kumshinda mtu. Ni dalili tu inayonifanya niendelee.

Jibu kwa aliyeniuliza

Rafiki yangu hakubadili mawazo yake. Wakati naondoka alinisindikiza hadi barabarani akasema, "Mimi bado naona unamchelewesha. Akifika miaka kumi na mitano hasikii, utanikumbuka." Nikamwambia hilo linawezekana. Nabii Nuhu (A.S.) alimlingania mwanawe hadi maji yakiwa yanapanda, na mwana alikataa. Mzazi anaulizwa juu ya alichofanya, na moyo wa mtoto una Mwenyewe. Sikumwahidi matokeo, naye hakuweza kuniahidi ya fimbo. Nilimwomba jambo moja tu: siku nyingine akiona kasoro kwa watoto wangu aniambie mimi, tukiwa wawili, wasisikie. Nasaha mbele ya ukumbi mtoto haisikii kama nasaha. Anasikia mama yake akivuliwa heshima, na heshima hiyo ndiyo ninayoitegemea ninapomwambia "twende tukaswali." Hapo alinyamaza kidogo, akaniomba radhi. Bado tunatembeleana.

Ndugu msomaji, wengi wenu hamjazaa, lakini mna wadogo zenu na marafiki waliooa mapema, na ulimi wa kukosoa mnao. Aya ya 132 ya Sura Taha inapotaja kuwaamrisha watu wa nyumbani swala, inataja papo hapo kudumu nayo kwa subira. Ukimwona mwenzako amechoka katika kudumu huko, mkumbushe lengo, na njia mwulize kabla hujamhukumu. Nawe ukikosolewa, usijibu kabla hujajihesabu. Mimi utulivu sikuupata kwa kujua kwamba nina haki. Niliupata daftari lilipokwisha kuniambia ni wapi sina, kwa sababu baada ya hapo sikuwa na kitu cha kuficha.

Mwanangu naye nilimjibu. Nilimwambia, "Kuna alilosema kweli, na kuna asilosema kweli. Ya kweli ninayarekebisha. Hayo mengine nimekwenda kumweleza." Akafikiri, kisha akauliza, "Ulimpigia kelele?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi sawa," akaenda kutawadha. Nilimfuata, kwa kuwa Isha ilikuwa imeingia.